Maji ya Kupendezesha Picha Ndiyo Yanayokuozeshea Mzigo

Hii nawaandikia nyinyi mnaouza mbogamboga kwa oda. Yaani asubuhi unafuata mzigo Mabibo au Ilala, unapiga picha, unatupia stetasi, mchana boda anasambaza. Nina jambo moja tu na nalisema bila kuzunguka: tuache kuosha na kunyunyizia maji bidhaa kwa ajili ya picha. Yale matone yanayong'aa juu ya nyanya na mchicha yanavutia kweli, ila ndiyo hayohayo yanaozesha mzigo kabla haujaisha.

Najua wengi watabisha. Wataniambia mteja ananunua kwa macho, na mboga kavu kwenye picha inaonekana imechoka. Nitafika huko. Kwanza tuelewane kuhusu maji, kwa sababu ukishajua maji yanatakiwa kukaa wapi, huhitaji kukariri sheria ishirini za kutunza mboga.

Mboga yoyote ina maji ya aina mbili. Kuna maji ya ndani, yale yanayofanya jani lisimame na nyanya iwe ngumu. Hayo unataka yabaki. Halafu kuna maji ya juu, yale yaliyokaa kwenye ngozi au kwenye jani. Hayo unataka yaondoke, maana ukungu na bakteria vinahitaji unyevunyevu wa juu ili viote na kusambaa. Ukiosha nyanya 100 kwenye beseni moja na moja ilikuwa imeoza upande, umechukua uozo wa ile moja ukawapelekea wenzake 99. Mteja haoni kitu kwenye picha, anakuja kuona keshokutwa.

Sasa nyanya, mboga za majani, vitunguu na majani ya viungo vinne hivi vinatofautiana sana kwenye mambo ya maji na baridi. Kosa la pili ninaloliona kwa wauzaji wa mtandaoni ni kuvichukua vyote vinne na kuvisukumia kwenye friji moja. Twende kimoja kimoja.

NYANYA: HAZITAKI MAJI, HAZITAKI BARIDI

Tuanze na hesabu ili tuone nini kinapotea. Tuchukue mfano: umenunua ndoo ya lita 20 kwa shilingi 20,000, ukahesabu ukakuta nyanya 150. Unafunga pakiti za nyanya kumi kumi, unauza 2,000. Ni pakiti 15, sawa na 30,000. Faida yako kabla ya nauli ni 10,000, yaani kila pakiti inakupa kama 670 hivi. Pakiti moja ikioza umepoteza 2,000, ambayo ni faida ya pakiti tatu. Zikioza pakiti tano, umefanya kazi ya bure wiki nzima. Ndiyo maana nasema hili si suala la usafi wa picha, ni suala la mtaji.

Ndoo ikifika, usiiache kama ilivyo. Zile za chini zinabeba uzito wa zote na ndizo zinaanza kupasuka. Mwaga taratibu juu ya kitambaa au gunia safi, uzichambue mafungu manne. Kwenye ndoo yetu ya mfano tuseme umepata nyanya 60 zilizoiva kabisa, 50 zilizoanza kupata rangi, 35 ambazo bado za kijani kijani, na 5 zilizopasuka. Zile 5 zitoke leo leo: kama ufa ni mpya na hakuna ukungu wala harufu, zinapikwa nyumbani leo. Zenye ukungu zinatupwa. Usizirudishe kwenye fungu kwa kuona huruma, maana juisi ya nyanya iliyopasuka ndiyo maji ya juu tuliyosema.

Zile 60 ndizo unazopiga picha na kuuza leo na kesho. Zile 50 ni za siku mbili tatu mbele. Za kijani kijani ndizo akiba yako ya mwisho wa wiki. Kwa hiyo mtu mwenye oda za Jumamosi asinunue ndoo nyekundu tupu Jumatatu. Mwambie muuzaji akuchanganyie, au chagua ndoo yenye rangi mchanganyiko. Nyanya za Ilula zikishushwa sokoni mara nyingi utakuta zipo za kila hatua, ni wewe tu kuwahi.

Zipange kwenye kreti au boksi lenye matundu, tabaka moja, yakizidi sana mawili, na karatasi ya kaki katikati. Pale ilipokuwa shina paangalie chini, kwa sababu kile kikovu ndicho mlango ambao maji ya ndani yanatokea. Kama ina kikonyo kilichobaki, kitoe, kisije kikatoboa jirani. Halafu kreti likae sehemu ya chini yenye upepo na kivuli, siyo juu ya kabati karibu na bati. Joto la Dar linatosha kuivisha bila msaada wa bati. Tena joto likipita nyuzi 30, nyanya mbichi inaiva vibaya: inalainika lakini rangi inabaki ya chungwa au manjano, haifikii ule wekundu. Ukiona nyanya zako zinalainika bila kuwa nyekundu, usimlaumu mkulima, angalia umeziweka wapi.

Na friji je? Friji la nyumbani huwa kwenye nyuzi 4 hivi. Nyanya inaanza kuumia ikikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 10 mpaka 12. Ya kijani ukiiweka humo haitaiva vizuri hata ukiitoa, inapata mabaka na inaoza ghafla. Iliyoiva kabisa unaweza kuiokoa humo siku mbili tatu kama wateja hawajatokea, kwa sababu bora ipoteze utamu kidogo kuliko ioze. Lakini hiyo muuzie mteja wa kupika mchuzi, usimuuzie wa kachumbari.

Kila asubuhi kabla ya kupiga picha, pitia kreti kwa mkono, siyo kwa macho. Ile yenye sehemu laini au unyevu itoe. Ukiona vile vidudu vidogo vya matunda vinazunguka kreti, ujue kuna moja imepasuka chini hujaiona.

MBOGA ZA MAJANI: MAJI YAWE MIGUUNI, YASIWE MGONGONI

Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa, maana mchicha bila maji unanyauka saa chache tu. Ni kweli. Jani likishakatwa halina mzizi wa kulirudishia maji, na kwenye joto linapoteza maji mfululizo. Lakini dawa siyo kumwaga maji juu ya fungu. Dawa ni kulipa maji kupitia shina.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui: mboga iliyochumwa bado inapumua, na ikipumua inatoa joto. Ukichukua mafungu ishirini ya mchicha yaliyonyunyiziwa maji, yakabanwa kwenye kiroba kimoja, katikati panakuwa kama jiko. Fanya hivi: ukifika na mzigo, ingiza mkono katikati ya kiroba. Ukisikia pana joto kuliko nje, fungua mara moja na utandaze, kabla hata hujanywa chai. Hilo joto pamoja na ule unyevu ndivyo vinavyoleta ule utelezi na harufu mbaya.

Ukishafungua, legeza kamba za mgomba, kung'uta maji, toa majani ya njano na yaliyochanika. Kisha simamisha mashina kwenye beseni lenye maji safi ya vidole viwili, ndani ya kivuli, kwa nusu saa mpaka saa moja. Majani yawe juu, yasiguse maji. Mchicha, chainizi, sukuma na spinachi vyote vinaitikia hivi. Utaona vimesimama vyenyewe. Hapo ndipo upige picha. Mboga iliyokunywa maji kwa mguu inang'aa bila tone hata moja juu yake. Kwa hiyo aliyeniambia mboga kavu haipendezi kwenye picha, hili ndilo jibu langu.

Baada ya hapo, kama una friji, zungushia fungu kitambaa safi kikavu au karatasi ya kaki, uliweke kwenye droo ya chini. Kitambaa kinanyonya unyevu wa juu na papo hapo kinazuia jani lisikaushwe na upepo wa friji. Kikilowa, badilisha. Kama huna friji, acha mboga zisimame kwenye beseni, juu tandika khanga iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri, iegemee kwenye fito au kamba ili isilale juu ya majani. Maji ya beseni badilisha asubuhi na jioni. Kwa njia hii, kwenye joto letu, mimi nahesabu mchicha ni bidhaa ya leo na kesho. Anayekuahidi mchicha wa siku tano bila friji anakudanganya.

Jani lililonyauka na bado ni la kijani linaweza kurudi ukilisimamisha kwenye maji. Lililoanza njano halirudi. Lenye utelezi usihangaike nalo, na usilioshe ili kuondoa utelezi halafu ukalipeleka kwa mteja. Huko ni kumlisha mtu uozo.

Na tafadhali, usiweke mboga za majani jirani na nyanya zinazoiva, ndizi, maembe au parachichi. Matunda hayo yanatoa gesi ya kuivisha inayoitwa ethilini, na jani likiipata linageuka njano haraka. Wapo wanaoshangaa kwa nini mchicha wa kwenye friji umekuwa njano wakati haujaoza. Angalia umeuweka na nani.

VITUNGUU: UPEPO TU, BASI

Kitunguu ndicho kinachoweza kukutunzia mtaji kwa wiki nyingi, ila kinategemea umekinunua kikiwa na hali gani. Huwezi kukausha nyumbani kwako kitunguu kilichong'olewa juzi kikafungwa kibichi, au unaweza lakini utapoteza vingi. Kwa hiyo kazi kubwa ya kutunza kitunguu inafanyika sokoni, kabla hujatoa hela.

Shika shingo ya kitunguu, pale majani yalipokuwa, uibonyeze kwa kidole gumba na cha shahada. Kikiwa tayari, shingo imekauka na kubana, na maganda ya nje yanatoa mlio kama karatasi. Ikiwa shingo ni nene, laini, au inateleza, hicho bado kina maji, na uozo utaingilia hapohapo shingoni. Kitunguu cha Mang'ola au cha Singida kilichokaushwa vizuri utakisikia kwa mlio kabla hujakiangalia. Kipindi cha masika kuwa mkali zaidi, na kama soko zima lina vya shingo mbichi, nunua vya siku tatu nne tu. Usiweke stoo.

Nyumbani vitoe kwenye salfeti. Viweke kwenye neti na uining'inize, au tandaza kwenye kichanja cha mbao chenye nafasi ili upepo upite chini. Visipigwe na jua moja kwa moja, wala visikae sakafuni kwenye saruji inayotoa unyevu. Friji siyo mahali pake kikiwa kizima, kwa sababu mle ndani mna unyevu. Na usivichanganye na viazi mviringo kwenye kona moja kama maduka mengi yanavyofanya. Viazi vinatoa unyevu, vitunguu vinaoza na kuchipua.

Kagua mara moja kwa wiki. Ukiona vumbi jeusi kati ya maganda, huo ni ukungu mweusi, unapenda joto na unyevu. Ukiona maji yanatoka shingoni, au ukinusa harufu kali isiyo ya kawaida kwenye neti, tafuta kilichooza kabla hakijaambukiza. Kilichochipua bado kinalika, kiuze haraka na mwambie mteja ukweli, ila hakitakaa tena.

GILIGILANI, NANAA NA MREHANI: USIVICHUKULIE SAWA

Majani ya viungo yana faida nzuri kwa fungu, lakini ndiyo yanayokufa haraka kuliko vyote. Giligilani ichukulie kama maua. Nunua yenye mizizi ukiweza, kung'uta udongo, usioshe majani, isimamishe kwenye glasi yenye maji ya vidole viwili. Funika juu kwa mfuko mwepesi ulioachwa wazi kidogo chini, halafu iweke kwenye friji. Badilisha maji kila siku au kila siku mbili, yakianza ukungu ukungu tu ujue mizizi inaoza. Ikitunzwa hivi inaweza kufika wiki. Ikilowa majani na kufungwa kwenye mfuko, siku ya pili imekuwa nyeusi.

Nanaa nayo inakaa kwenye glasi, na hata nje ya friji inavumilia kama kuna kivuli. Mashina mengine yataanza kutoa mizizi humo humo kwenye glasi, na ukiyapanda kwenye kopo una nanaa yako.

Mrehani ndio unawachanganya watu. Huo ni ndugu wa nyanya kwa tabia: hautaki baridi. Ukiuweka kwenye friji majani yanakuwa meusi hata kama ulikuwa freshi asubuhi. Usimamishe kwenye glasi ya maji mezani, mbali na jua, basi.

KUNA WATAKAOSEMA...

"Wateja wangu wanataka zilizooshwa, wako bize ofisini." Sawa, huyo ni mteja halali na hela yake ni nzuri. Hoja yangu siyo kwamba usioshe kabisa. Hoja ni kwamba kuosha ni huduma ya oda, siyo namna ya kuhifadhi. Osha kile kilichoagizwa, asubuhi ya kupeleka, kwa maji safi yanayotiririka. Kikung'ute, kitandaze juu ya kitambaa mpaka maji ya juu yaishe, ndipo ufunge. Pakiti iandikwe siku, na mteja aambiwe apike leo. Mboga iliyokatwakatwa ndiyo kabisa, kila ulipopitisha kisu umefungua mlango, kwa hiyo ikae kwenye friji na iuzwe siku hiyohiyo. Toza gharama ya hiyo kazi. Kuosha bure mzigo mzima wakati oda ni tatu ni kujiozeshea mwenyewe.

Mwingine atasema, "Mimi nina chungu cha kupozea, kile cha chungu ndani ya chungu na mchanga uliolowa katikati." Ni kitu kizuri, ila kinapoza kwa sababu maji yanakauka kwenda hewani. Dodoma na Singida hewa ni kavu, kinafanya kazi. Dar, Tanga na Unguja hewa yetu tayari imejaa unyevu, hakipozi kitu cha maana. Usinunue kwa sababu tu umeona video ya mtu wa mahali pakavu.

La mwisho ni boda. Mzigo uliotoka kwenye friji ukiingia moja kwa moja kwenye boksi la pikipiki saa saba mchana, unatoa jasho. Yale ni maji ya juu tena, na mteja anapokea pakiti yenye umande. Zungushia mboga karatasi ya kaki ndipo uweke kwenye mfuko, na usifunge kwa kubana. Ile mifuko mbadala tuliyoanza kutumia tangu ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 inapitisha hewa, kwa hiyo inatusaidia hapa. Nyanya zikae juu, vitunguu chini. Panga safari za mboga kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Vitunguu ndivyo vinavyoweza kusubiri mchana.

Ukipata ujumbe wa "dada, mchicha wa jana umekuwa utelezi", usianze kubishana. Muulize maswali mawili: ulifika ukiwa na maji juu, na aliuweka wapi. Jibu la kwanza ni la kwako kurekebisha. La pili ni la kumwelekeza, na ukimwandikia mistari miwili ya namna ya kutunza kwenye kila oda, hayo maswali yatapungua.

Kwa hiyo kesho asubuhi kabla hujachukua ile chupa ya kupulizia maji, jaribu fungu moja tu la mchicha: lisimamishe kwenye beseni nusu saa, ulipige picha, uliweke pembeni ya lile ulilolinyunyizia. Jioni yashike yote mawili kwa mkono. Utaamua mwenyewe.

Nawasilisha.